Usawa wa Emoji Ndani ya Hifadhidata: Uchambuzi wa Kanuni za Ulinganishi

Hifadhidata hailinganishi maandishi kwa kuyatazama. Inapoulizwa kama maandishi mawili ni yale yale, huyageuza kila moja kuwa mfululizo wa nambari, kisha huzilinganisha nambari hizo. Zikilingana, maandishi huhesabiwa kuwa kitu kimoja, hata kama jicho la msomaji linaona vitu viwili visivyohusiana kabisa. Kwa maneno ya kawaida tofauti hii haijitokezi mara kwa mara, kwa kuwa nambari za herufi zimepangwa kwa muda mrefu kufuata desturi za lugha. Kwa emoji hali ni nyingine, kwa sababu alama hizi ziliingia katika mfumo wa maandishi baada ya majedwali mengi ya ulinganishi kuwa yamekwisha kuandikwa, na baadhi ya majedwali hayo yanatumika hadi leo bila mabadiliko. Uchambuzi huu unachukua MySQL kuwa mfano mkuu, kwa kuwa ndimo tatizo lilimojitokeza kwa uwazi zaidi, kisha unaigusa PostgreSQL, ambayo ilichagua njia tofauti. Hoja inayotetewa ni kwamba hakuna kanuni iliyo tayari ambayo huona emoji kama mtu anavyoziona, na kwamba kila kanuni hukosea kwa upande wake; kwa hiyo uamuzi wa alama zipi ni moja ni wa mbunifu wa mfumo, naye anapaswa kuufanya kabla data haijaandikwa.

Kutoka alama hadi uzito

Kila alama katika Unicode, yaani orodha ya kimataifa ya alama zote za maandishi, ina nambari yake, ambayo hapa itaitwa nambari ya msimbo na ambayo kwa desturi huandikwa kwa tarakimu za kumi na sita. Sushi, 🍣, ni U+1F363, na kombe la bia, 🍺, ni U+1F37A. Zote mbili ziliingia katika Unicode 6.0 mwaka 2010, na zote mbili zinakaa juu ya U+FFFF, mpaka ambao chini yake zimo karibu herufi zote zinazotumika kila siku duniani. Zinapohifadhiwa kwa mtindo wa UTF-8, alama za juu ya mpaka huo huchukua baiti nne kila moja: sushi ni F0 9F 8D A3 na bia ni F0 9F 8D BA.

Mpaka huo ndio chanzo cha matatizo ya mwanzo. Mtindo ambao MySQL iliuita `utf8` ulikubali baiti tatu tu kwa alama, kwa hiyo emoji haikuweza kuingia, na katika hali ya ukaguzi mkali seva ilirudisha kosa namba 1366 lenye kuonyesha baiti zilizokataliwa. Toleo la 5.5.3, la mwaka 2010, lilileta `utf8mb4`, linalokubali baiti nne, na wengi waliamini kwamba suala limekwisha. Lililokwisha, hata hivyo, ni suala la kuhifadhi, ilhali suala la kulinganisha lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Kulinganisha hufanywa na kile kinachoitwa hapa kanuni ya ulinganishi, ambayo katika maagizo ya SQL hutajwa kwa neno `COLLATE`. Kanuni hii ni jedwali linaloipa kila alama uzito, yaani nambari ya kupangia, na uzito si lazima uwe sawa na nambari ya msimbo. Kusudi lake ni jema: mtu akitafuta jina "juma" kwa herufi ndogo, apate pia "Juma", na kwa hiyo J kubwa na j ndogo hupewa uzito mmoja. Jina la kila kanuni hubeba viambishi vinavyoeleza tabia hiyo: `ci` maana yake ukubwa wa herufi hauzingatiwi, `ai` maana yake alama za lafudhi juu ya herufi hazizingatiwi, na `bin` maana yake hakuna jedwali la uzito, bali nambari zenyewe ndizo hulinganishwa. Neno "sawa" ndani ya hifadhidata, basi, lina maana moja tu, nayo ni kuwa na uzito sawa chini ya kanuni iliyochaguliwa.

Sushi na bia kuwa kitu kimoja

Kanuni ya chaguo-msingi ya `utf8mb4` katika MySQL 5.5 hadi 5.7, yaani ile inayotumika pasipo mtu kuchagua nyingine, ilikuwa `utf8mb4_general_ci`. Jedwali lake linatoa uzito kwa alama za chini ya U+FFFF peke yake. Alama yoyote ya juu ya mpaka huo hupewa uzito mmoja wa pamoja, FFFD, ambao ni uzito wa alama ya kujazia mahali pa herufi isiyojulikana. Kanuni ya `utf8mb4_unicode_ci`, iliyojengwa juu ya toleo la 4.0.0 la kanuni za upangaji za Unicode, hufanya vivyo hivyo. MySQL inayo kazi iitwayo `WEIGHT_STRING`, inayoonyesha uzito uliotumika, na swali moja fupi latosha kuthibitisha jambo hili:

```sql
SELECT HEX(WEIGHT_STRING('🍣' COLLATE utf8mb4_general_ci)),
       HEX(WEIGHT_STRING('🍺' COLLATE utf8mb4_general_ci));
```

Majibu yote mawili ni FFFD. Baiti zilizohifadhiwa ni tofauti, na zikisomwa tena kila alama hurudi ilivyo, lakini mbele ya ulinganishi hakuna tofauti yoyote. Wahandisi wa Japani, waliokutana na jambo hili mapema, walilipa jina la tatizo la sushi na bia, na jina hilo limebaki.

Madhara yake yanaonekana vizuri zaidi katika mfano mmoja uliofuatwa hatua kwa hatua. Mfumo wa ujumbe unataka kuhesabu hisia ambazo watumiaji huziweka chini ya kila ujumbe. Jedwali lina safuwima tatu: namba ya ujumbe, alama iliyobonyezwa na idadi. Ufunguo mkuu, yaani sharti kwamba mchanganyiko fulani usijirudie, umeundwa kwa ujumbe pamoja na alama, na kila mtu anapobonyeza, idadi huongezeka kwa moja.

```sql
CREATE TABLE hisia (
  ujumbe INT,
  alama  VARCHAR(64) CHARACTER SET utf8mb4
         COLLATE utf8mb4_general_ci,
  idadi  INT,
  PRIMARY KEY (ujumbe, alama)
);

INSERT INTO hisia VALUES (7, '🍣', 1)
  ON DUPLICATE KEY UPDATE idadi = idadi + 1;
```

Tuseme ujumbe wa saba umepata mibonyezo tisa kwa mfuatano huu: sushi, bia, bia tena, uso wa kicheko 😂, moyo mwekundu, moyo mwekundu mwingine uliotumwa kutoka programu tofauti, bendera ya Kenya, bendera ya Tanzania, na dole gumba lenye rangi ya ngozi 👍🏽. Mtu akihesabu kwa macho atapata aina saba, moyo ukiwa na mbili na bia ikiwa na mbili. Jedwali hili, hata hivyo, litakuwa na safumlalo nne tu. Ya kwanza ni sushi yenye idadi ya nne, kwa sababu bia mbili na kicheko zimeangukia juu yake. Ya pili na ya tatu ni mioyo miwili, kila mmoja ukiwa na moja, kwa sababu itakayoelezwa hivi punde. Ya nne ni bendera ya Kenya yenye idadi ya tatu.

Bendera yastahili maelezo yake. Bendera katika Unicode si alama moja, bali ni jozi ya alama za herufi zinazotaja msimbo wa nchi: ya Kenya ni K na E, ya Tanzania ni T na Z, zikiandikwa kwa herufi maalumu ambazo zote zipo juu ya mpaka wa U+FFFF. Chini ya `general_ci` kila moja ya herufi hizo ina uzito FFFD, hivyo bendera yoyote ya nchi yoyote yenye jozi kama hiyo ni FFFD FFFD. Dole gumba lenye rangi nalo ni alama mbili, dole U+1F44D na rangi U+1F3FD, na uzito wake ni huo huo. Kwa jedwali hili, Kenya, Tanzania, Uganda na dole gumba la kahawia ni kitu kimoja.

Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba halijitangazi. Agizo la kuongeza idadi hufanikiwa, jumla ya mibonyezo ni tisa kama inavyotakiwa, na hakuna ujumbe wa kosa unaoandikwa popote. Kama jedwali lingetumia agizo la kawaida la kuingiza, seva ingekataa bendera ya Tanzania kwa kosa namba 1062, linalosema ingizo limejirudia, na mtu angeshtuka mapema. Kwa agizo la kuongeza juu ya kilichopo, data ya bia imemezwa na sushi, na kwa kuwa hakuna mahali ilipoandikwa kwamba mibonyezo miwili kati ya minne ilikuwa ya bia, hakuna mabadiliko ya kanuni yatakayoirudisha baadaye.

Moyo mmoja wenye maandishi mawili

Mioyo miwili iliyobaki mbalimbali inafunua upande wa pili wa suala. Moyo mwekundu, ❤, ni U+2764, alama ya zamani iliyokuwapo kabla ya emoji na iliyochapwa kwa wino mweusi kama herufi nyingine. Ili kompyuta ijue kwamba inatakiwa picha ya rangi, programu nyingi huongeza baada yake alama isiyoonekana, U+FE0F, ambayo kazi yake ni kuchagua umbo la picha badala ya umbo la maandishi. Programu nyingine huiacha. Matokeo ni kwamba moyo ule ule huweza kufika ukiwa na nambari moja au mbili, na kwenye skrini nyingi maumbo yote mawili hufanana kabisa.

Kanuni ya `general_ci` huipa U+FE0F uzito wake wenyewe kama alama nyingine yoyote ya chini ya mpaka, ndiyo maana mioyo iligawanyika. Kanuni hiyo basi imekosea pande zote mbili kwa wakati mmoja: imeunganisha sushi na bia, ambazo mtoto mdogo hutofautisha, na imetenganisha mioyo ambayo mtu mzima hawezi kuitofautisha.

MySQL 8.0, iliyotolewa rasmi mwaka 2018, ilileta chaguo-msingi jipya, `utf8mb4_0900_ai_ci`, lililojengwa juu ya toleo la 9.0.0 la kanuni za upangaji za Unicode, la mwaka 2016. Humo emoji zina uzito wake, hivyo sushi na bia zimetengana, bendera zimetengana, na hata rangi za ngozi zimetengana, kwa kuwa alama za rangi nazo zimepewa uzito. Alama isiyoonekana ya U+FE0F, kwa upande mwingine, haina uzito wowote katika daraja lolote la ulinganishi, kwa hiyo hupuuzwa, na mioyo miwili huwa mmoja. Mibonyezo tisa ya mfano ule, ikiingizwa katika jedwali lenye kanuni hii, huzaa safumlalo saba, sawasawa na hesabu ya macho.

Ulinganifu huo mzuri ndio unaoweza kumpumbaza mbunifu akadhani amefika. Kanuni hii haikuundwa ili kuona picha, iliundwa ili kusaidia kutafuta maneno, na tabia yake ya kupuuza tofauti ndogo za herufi hutumika pia kwa emoji zilizozaliwa kutokana na herufi. Alama ya M ndani ya duara, Ⓜ️, inahesabiwa kuwa namna nyingine ya kuandika M, na kwa kuwa ukubwa hauzingatiwi, inalingana na m ndogo ya kawaida. Alama ya taarifa, ℹ️, inalingana na herufi i. Kitufe cha moja, 1️⃣, ni tarakimu 1 iliyofuatwa na U+FE0F isiyo na uzito na alama ya kuzungushia kitufe isiyo na uzito wa daraja la kwanza, kwa hiyo kinalingana na 1 tupu. Mfumo wa kupigia kura ambao watumiaji wengine hujibu kwa kitufe na wengine kwa tarakimu huenda ukafurahia jambo hilo. Mfumo ambao tarakimu ni jibu na kitufe ni hisia utaharibikiwa.

Alama nyingine isiyoonekana, U+200D, kiunganishi kisicho na upana, huleta mgongano wa aina hiyo hiyo. Kazi yake ni kuunganisha emoji kadhaa ziwe picha moja: mwanamke, kiunganishi na roketi hutoa picha ya mwanaanga mwanamke, 👩‍🚀. Kiunganishi nacho hakina uzito, hivyo picha ya mwanaanga inalingana na maandishi ya mtu aliyeweka mwanamke kisha roketi kama picha mbili, 👩🚀. Kwa jicho tofauti ni dhahiri, na kwa kanuni ya 0900 haipo. Kubadili kiambishi kutoka `ai_ci` kwenda `as_cs`, yaani kuamuru lafudhi na ukubwa wa herufi vizingatiwe, hutenganisha M ya duara na m ndogo, lakini hakugusi viunganishi wala mioyo, kwa sababu alama isiyo na uzito katika daraja lolote haiwezi kuokolewa na daraja la juu zaidi.

Baiti zenyewe kuwa hakimu

PostgreSQL ilichagua kutofungamanisha usawa na upangaji. Katika kanuni zake za kawaida maandishi mawili ni sawa ikiwa tu baiti zake ni zile zile. Na kama maktaba ya lugha inayotumika kupangia itasema alama mbili zina uzito sawa, hifadhidata hurudi kwenye baiti ili kuamua ipi itangulie. Ndiyo maana sushi na bia hazijawahi kuwa kitu kimoja humo kwa kanuni za kawaida. Tangu toleo la 12, la mwaka 2019, mtu anaweza kuunda kwa hiari kanuni inayoruhusu maandishi yenye baiti tofauti kulingana, lakini lazima aiombe waziwazi.

Katika MySQL njia inayolingana na hiyo ni kutumia kanuni za `bin`. Toleo la 8.0.17 lilileta `utf8mb4_0900_bin`, inayolinganisha maandishi kwa nambari zake bila jedwali la uzito. Mibonyezo tisa ikipitia humo hutoa safumlalo nane: kila kitu kimetengana kama kinavyostahili, isipokuwa moyo ambao umekuwa miwili. Kosa limebaki moja, nalo ni la aina nyepesi zaidi, kwa kuwa safumlalo mbili zilizopaswa kuwa moja huweza kujumlishwa wakati wowote, ilhali safumlalo moja iliyopaswa kuwa mbili haigawanyiki tena. Kwa sababu hiyo, pale ambapo mbunifu hana hakika, kanuni inayotenganisha kupita kiasi ni salama kuliko inayounganisha kupita kiasi.

Kinachobaki ni kuiondoa tofauti isiyotakiwa kabla ya kulinganisha. Usawazishaji wa kawaida wa Unicode, ambao hutumika kuunganisha herufi na lafudhi zake ziwe umbo moja, hausaidii hapa, kwa kuwa hauondoi wala hauongezi U+FE0F. Shirika la Unicode huchapisha faili iitwayo `emoji-test.txt` inayoonyesha, kwa kila emoji, umbo lake kamili lenye alama zote zinazotakiwa na maumbo yaliyopungukiwa; programu inaweza kuitumia kubadili kila linaloingia liwe umbo kamili. Pasipo programu kama hiyo, hifadhidata yenyewe inaweza kutengeneza safuwima ya pili ya ufunguo, ambayo ni nakala ya alama iliyoondolewa U+FE0F, ambayo baiti zake ni EF B8 8F:

```sql
CREATE TABLE hisia2 (
  ujumbe  INT NOT NULL,
  alama   VARCHAR(64) COLLATE utf8mb4_0900_bin NOT NULL,
  ufunguo VARCHAR(64) COLLATE utf8mb4_0900_bin
    AS (REPLACE(alama, _utf8mb4 X'EFB88F', '')) STORED,
  idadi   INT NOT NULL,
  UNIQUE (ujumbe, ufunguo)
);
```

Safuwima ya `alama` hubaki kama ilivyotumwa na ndiyo inayoonyeshwa kwa mtumiaji, ilhali `ufunguo` hutumika kulinganisha peke yake. Mibonyezo tisa sasa hutoa safumlalo saba, na tofauti na kanuni ya `0900_ai_ci`, kitufe cha moja bado ni kitu tofauti na tarakimu moja, kwa kuwa alama ya kuzungushia imebaki, na mwanaanga bado ni tofauti na mwanamke na roketi, kwa kuwa kiunganishi hakikuguswa. Kinachopuuzwa ni kile tu ambacho mbunifu ameamua kipuuzwe.

Kupanga ni suala jingine

Usawa ukishaamuliwa, hubaki mpangilio: orodha ya emoji ianze na ipi na imalizie na ipi. Kwa kanuni za baiti jibu ni nambari ya msimbo, na nambari hizo hufuata historia ya kuingizwa kwa alama wala si maana yake. Moyo wa U+2764 utatangulia vyakula vyote, kwa kuwa ni wa zamani. Uso wa kicheko 😂, U+1F602, na uso unaogaagaa kwa kicheko 🤣, U+1F923, ulioingia mwaka 2016, vitakuwa mbali mbali ingawa watumiaji huvihesabu kuwa ndugu.

Kanuni ya 0900 ina jambo lake la kushangaza zaidi. Emoji zilizokuwapo katika toleo la 9.0.0 zimepewa uzito wa alama za kawaida, unaotangulia tarakimu na herufi. Emoji zilizoingia baadaye hazimo katika jedwali, na kanuni huzikokotolea uzito kutokana na nambari zake za msimbo, uzito ambao huangukia baada ya herufi zote. Orodha ya majina yanayoanza kwa emoji, basi, itaweka 😂 kabla ya "Asha", na 🥹, iliyoingia katika Unicode 14.0 mwaka 2021, baada ya "Zuhura". Anayeiona orodha hiyo hufikiri kuna kasoro katika programu yake, kumbe anachokiona ni mwaka ambao jedwali liliandikwa.

Mpangilio unaofuata maana upo, na umetayarishwa na Shirika la Unicode ndani ya mradi wake wa data za lugha, CLDR, ambamo nyuso zimewekwa pamoja, vyakula pamoja, na bendera pamoja. PostgreSQL iliyojengwa pamoja na maktaba ya ICU huweza kuutumia:

```sql
CREATE COLLATION mpangilio_emoji
  (provider = icu, locale = 'und-u-co-emoji');

SELECT alama FROM hisia
ORDER BY alama COLLATE mpangilio_emoji;
```

Inafaa kuutumia mpangilio huo mwishoni mwa swali tu, si katika faharasa. Faharasa ni orodha iliyopangwa tayari ambayo hifadhidata huitegemea ili kupata safumlalo haraka, na huaminiwa kwamba mpangilio wake haubadiliki. Maktaba za lugha hubadilika. Maktaba ya glibc, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ilibadilisha mpangilio wake kwa kiasi kikubwa katika toleo la 2.28 la mwaka 2018, na faharasa za PostgreSQL zilizojengwa kabla ya hapo zikawa hazilingani tena na kanuni iliyokuwa ikizisoma. Swali likaweza kukosa safumlalo iliyopo, au sharti la upekee likaruhusu marudio. Dawa ilikuwa kuzijenga upya faharasa kwa agizo la `REINDEX`. MySQL huepuka hatari hii kwa kuandika toleo katika jina la kanuni, kama 0900, na kutolibadili. Bei inayolipwa ni kwamba jedwali la mwaka 2016 hubaki la mwaka 2016.

Kutambua na kurekebisha

Hifadhidata iliyopandishwa kutoka 5.7 kwenda 8.0 haibadilishi kanuni za majedwali yake ya zamani, hivyo tatizo la sushi na bia linaweza kuendelea kuishi ndani ya seva mpya. Njia fupi ya kulitambua ni kuhesabu alama tofauti mara mbili, kwanza kwa kanuni ya safuwima, kisha kwa baiti:

```sql
SELECT COUNT(DISTINCT alama),
       COUNT(DISTINCT CAST(alama AS BINARY))
FROM ujumbe_wote;
```

Nambari ya pili ikizidi ya kwanza, kuna maandishi ambayo kanuni inayahesabu kuwa kitu kimoja ingawa yameandikwa tofauti, na kazi ya `HEX` itaonyesha ni yapi na kama tofauti ni ya maana au ni U+FE0F tu. Zikilingana, hata hivyo, si uthibitisho wa usalama katika jedwali lenye sharti la upekee, kwa sababu humo marudio yalikwisha kumezwa kabla ya kuhesabiwa. Mahali pa kuangalia huwa ni kumbukumbu za mibonyezo yenyewe, kama zilihifadhiwa.

Kuhama kutoka kanuni inayounganisha kwenda inayotenganisha, kama kutoka `general_ci` kwenda `0900_bin`, hakuleti mgongano wa ufunguo, kwa kuwa vilivyokuwa tofauti hubaki tofauti. Kuhama kuelekea kanuni inayounganisha huweza kukwama: jedwali lenye mioyo miwili chini ya `bin` litakataa kubadilishwa kuwa `0900_ai_ci` kwa kosa 1062, na kukataa huko ni kwa manufaa, kwa kuwa humlazimisha mtu kuamua idadi za mioyo hiyo zijumlishwe vipi.

Mipaka ya kila jedwali

Zipo alama ambazo hufanana machoni na ambazo hakuna kanuni ya ulinganishi inayoziunganisha kwa sababu ya kufanana huko. Bendera ya Norwe, 🇳🇴, na ya kisiwa cha Bouvet, 🇧🇻, huchorwa kwa picha moja, kwa sababu kisiwa hicho hutumia bendera ya Norwe, lakini misimbo yao ni tofauti. Moyo wa karata, ♥️, na moyo mwekundu, ❤️, hukaribiana sana kwenye simu nyingi, nao ni U+2665 na U+2764. Picha zenyewe hubadilika bila nambari kubadilika: mwaka 2016 kampuni ya Apple iliibadili picha ya bastola kuwa bastola ya maji, na kila ujumbe wa zamani uliokuwa na alama hiyo ukaanza kuonyesha kitu kingine bila baiti hata moja kuguswa. Hifadhidata haihifadhi picha, hivyo kufanana kwa picha hakuwezi kuwa kipimo chake cha usawa.

Hata pale ambapo nambari ziko wazi, maswali mengine si ya kiufundi. Dole gumba la manjano na dole gumba la kahawia vinaweza kujumlishwa, kwa hoja kwamba vyote ni kukubali, au vinaweza kuhesabiwa mbalimbali, kwa hoja kwamba aliyechagua rangi alichagua kwa makusudi. Mfumo unaojumlisha unaweza kuondoa alama tano za rangi, U+1F3FB hadi U+1F3FF, katika safuwima ya ufunguo kwa njia ile ile iliyoiondoa U+FE0F, huku alama ya awali ikibaki salama pembeni. Uamuzi huo ukiandikwa wazi katika muundo wa jedwali, anayekuja baadaye ataweza kuusoma, kuuhoji na kuubadili. Ukiachiwa kanuni ya chaguo-msingi, utakuwa umefanywa na jedwali la uzito ambalo waandishi wake hawakuwa wakifikiria hisia za watu chini ya ujumbe, na pengine lililoandikwa kabla ya emoji yenyewe kuingia katika Unicode.